Gololi sita mezani: ratiba ya mwanafunzi mwenye shida ya umakini

Ratiba nyingi ninazoletewa na wazazi zimepangwa vizuri, lakini zinamtaka mtoto atumie uwezo uleule aliopungukiwa nao, yaani kuhisi muda unavyopita na kukumbuka mwenyewe linalofuata. Kwa hiyo mambo hayo mawili mimi huyatoa kichwani mwake na kuyaweka mezani, mahali anapofanyia kazi.

Hivi karibuni nilimpangia ratiba ya masomo ya jioni kijana wa miaka 13. Kabla ya kuandika chochote, nilimwomba mama yake apime kwa siku tatu muda ambao kijana hudumu kwenye kazi kabla ya kuiacha kwa mara ya kwanza. Alipata dakika 9, 12 na 10, nasi tukaweka vipindi vya dakika 8, chini kidogo ya uwezo wake, ili siku za mwanzo avimalize karibu vyote. Baba alitaka dakika 30, nilikataa.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kuanza. Neno "Hisabati" kwenye ratiba halimwambii mkono ufanye nini, hivyo kila kipindi kilipewa kadi yenye tendo moja: "Fungua ukurasa wa 42, nakili swali la kwanza." Kando ya kadi tuliweka kipima muda chenye duara jekundu linalopungua, kwa sababu simu ingemvuta kwingine, pamoja na vikombe viwili na gololi sita. Kila kipindi kilipokwisha, kijana mwenyewe alihamisha gololi moja, akasimama dakika tatu, kisha akarudi. Mlio wa gololi ikigonga kikombe ulimfurahisha kuliko sifa zangu.

Wiki ya pili alianza kuzima kengele bila hata kuinua macho, jambo ambalo hutokea karibu kila mara, kwa kuwa sikio huzoea. Tulibadilisha mlio na kukiweka kipima muda hatua nne kutoka mezani, ikambidi ainuke. Mama naye aliacha kumkumbusha kwa mdomo, akawa anaigusa kadi tu, kwa maana mtoto anayesubiri sauti ya mzazi hajifunzi kuitazama ratiba.

Kanuni yetu ya kurekebisha ni nyepesi: gololi zaidi ya mbili zikibaki siku mbili mfululizo, tunapunguza dakika mbili, zikihama zote siku tano mfululizo, tunaongeza mbili. Ila kabla ya kupunguza, hutazama kwanza ni vipindi vipi vilivyokwama, maana vikiwa vya somo moja tu, huenda tatizo si umakini. Kwa kijana huyu vilivyokwama vyote vilikuwa vya hesabu za sehemu, na nilipomwomba ajumlishe nusu na theluthi, alijibu mbili ya tano. Vipindi tuliviacha vilevile, akatafutiwa mtu wa kumfundisha sehemu upya.