Bei ya mshindani: wakati wa kuitaja na wakati wa kuifungia mdomo

Mwenye nyumba ya wageni Jambiani anataka matangi 6 ya maji, kila moja lita 5,000. Anapita maduka ya Mwanakwerekwe na kurudi na kotesheni mbili. Muuzaji wa kwanza anataka shilingi 1,150,000 kwa tangi, na anayafikisha mwenyewe hadi Jambiani. Wa pili anataka 1,060,000, lakini mzigo unauchukua dukani kwake. Kwa haraka haraka, wa pili ni nafuu kwa shilingi 540,000, na mnunuzi wengi wetu tunayemjua angempigia wa kwanza pale pale: "Sheikh, mwenzako ananipa kwa milioni moja na sitini."

Alichosema ni kweli, ila amemdanganya. Gari la kubeba matangi 6 makubwa mpaka Jambiani tuseme linamgharimu 450,000. Kwa hiyo mzigo wa wa pili, ukifika, ni 6,810,000, na wa kwanza ni 6,900,000. Tofauti ya kweli ni 90,000 tu. Kumtajia mtu namba sahihi huku umeficha kinachoifanya iwe ndogo ni sawa na kumtungia bei. Mfanyabiashara akilibaini hilo, na hubaini, kwa sababu anajua gharama za mwenzake, bei yako ijayo itaanzia juu.

Njia ya haki ni kuzileta bei zote mbili mahali pamoja kabla ya kufungua mdomo: mzigo umefika, kodi imo ndani, dhamana ni ile ile, na muda wa kuleta unafanana. Baada ya hapo una haki kamili ya kusema: "Nina bei nyengine ambayo, nikiongeza usafiri, inafika 6,810,000. Wewe uko 6,900,000. Unaweza kunisaidia nini?" Huna haja ya kumtaja mshindani wala kumwonyesha karatasi yake, ile kotesheni ulipewa wewe. Na ukiwaambia wote tangu mwanzo kuwa utarudi kwao mara moja tu kuuliza bei ya mwisho, basi iwe mara moja. Anayezungushwa mara tatu hujifunza kuficha bei yake halisi mpaka raundi ya tatu.

Huyo ni mnunuzi binafsi, na fedha ni zake. Sasa tuhamie kwenye taasisi ya umma, kwani hapa ndipo maafisa wapya wanapoteleza, tena wengine kwa nia njema kabisa ya kuokoa fedha za Serikali.

Zanzibar ina sheria yake ya ununuzi wa umma, Sheria Namba 11 ya 2016 ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma. Sheria ya Tanzania Bara siyo inayotumika hapa, hata kama fomu zinafanana. Afisa wetu akitangaza zabuni, kila mzabuni anatoa bei moja kabla ya saa ya mwisho, zinafunguliwa na kusomwa mbele ya wote, na baada ya hapo hakuna wa kuongeza wala kupunguza. Kumpigia mzabuni wa pili kumwambia "shuka kidogo chini ya mwenzako" ni kosa, hata ukiwa huchukui senti. Sababu ni nyepesi. Wazabuni waliweka bei yao ya chini kabisa kwa kuamini kwamba haitageuzwa fimbo ya kumpigia mtu. Wakijua mnada unaendelea baada ya kufungua, watapandisha bei ili wabaki na cha kupunguza.

Tuchukue mfano wa taasisi Chake Chake inayotaka matangi 40 ya aina ile ile, yafikishwe Pemba. Kwenye ufunguzi zabuni ya kwanza inasomwa 43,800,000, ya pili 44,400,000. Kamati ya tathmini inapopiga hesabu inagundua kuwa wa kwanza aliandika 1,120,000 kwa tangi. Mara 40 ni 44,800,000, amekosea kujumlisha. Nyaraka za zabuni zilizozoeleka zinasema bei ya kitu kimoja ndiyo inayoshika, na jumla inasahihishwa. Wa pili, aliyeandika 1,110,000 kwa tangi, sasa ndiye wa chini.

Wa kwanza anaarifiwa kwa maandishi kuhusu marekebisho hayo. Akijibu, "Basi niacheni kwenye 43,800,000 yangu," kamati haiwezi kukubali, kwa sababu hilo ni punguzo jipya lililotolewa baada ya kujua bei ya mwenzake. Kwa mtu wa nje inaonekana kama ukaidi: Serikali inakataa 600,000 ya bure. Kumbe inalinda zabuni zote zijazo.

Tatizo halijaisha. Bajeti iliyotengwa ni 42,000,000. Kishawishi cha kumwita mshindi na kumbana ashushe 2,400,000 ni kikubwa, lakini bei yake imeshafungwa. Kinachoweza kusogea ni idadi, ikiwa nyaraka zilitaja mapema asilimia ambayo taasisi inaweza kuongeza au kupunguza bila kugusa bei ya kitu kimoja. Ukipunguza matangi 2 unafika 42,180,000, bado umezidi. Ukipunguza 3 unafika 41,070,000. Hiyo ni asilimia 7.5 ya mzigo. Ikiwa nyaraka ziliruhusu 10, unapita. Kama hazikutaja kitu, utafute fedha au utangaze upya.

Na mshindi, unaweza kuzungumza naye nini? Tarehe za kuleta, mzigo uje mara mbili kwa meli badala ya mara moja, nani apokee bandarini. Kipimo ninachowapa maafisa ni hiki: wazabuni wengine wangelijua sharti hili tangu mwanzo, wangetoa bei tofauti? Kama jibu ni ndiyo, usiliguse. Kuhamisha mahali pa kupokelea kutoka Chake Chake kwenda kituo cha mbali zaidi ni suala la bei, hata likiitwa la usafirishaji tu.

Kwa hiyo mazungumzo ya mnunuzi wa umma hufanyika mapema, wakati wa kuandika zabuni. Ukiandika dhamana ya miaka mingapi, mahali hasa mzigo utakapoteremshwa na siku ngapi baada ya kupokea utalipa, umeshajadiliana na soko zima kwa mpigo. Siku za malipo ndizo nazisisitiza kuliko zote. Mfanyabiashara anayejua atasubiri miezi kulipwa huweka gharama ya kusubiri ndani ya bei, na hakuna ujanja wa mezani utakaoitoa.

Kuuliza bei sokoni ili kukadiria bajeti kunaruhusiwa, ila sema wazi kuwa ni makisio, uliza zaidi ya mmoja, na usichukue katalogi ya duka moja ukaigeuza kuwa vipimo vya zabuni.

Kuna ugonjwa mmoja wa manunuzi madogo ninaouchukia kuliko yote: afisa, ili aonekane amelinganisha maduka matatu, anamwambia muuzaji mmoja, "Niletee profoma yako na nyengine mbili." Mkaguzi hahitaji muda mrefu kuzijua. Kosa lile lile la tahajia linajirudia kwenye karatasi zote tatu, namba ya simu ya duka la pili ni ya mtoto wa mwenye duka la kwanza, na kila mstari bei inapanda kwa kiwango kile kile. Wauzaji wa kweli hawapishani hivyo: mmoja huwa nafuu kwenye tangi, mwengine kwenye mabomba. Ukiona orodha mbili zinapishana kwa asilimia ile ile kutoka juu mpaka chini, nenda dukani mwenyewe ukaulize kama waliitoa.