Mbona ujazo unajumlishika lakini eneo la uso halijumlishiki?

"Nimepigiwa picha ya mchoro wa koni iliyokaa juu ya silinda. Ujazo nimejumlisha wa koni na wa silinda, nikapata. Eneo la uso nimejumlisha vivyo hivyo, nikakosa. Kwa nini?"

Kwa sababu vitu viwili vikigandishwa, hakuna nafasi ya ndani inayopotea, ila kuna uso unaofichika. Eneo la uso ni ile sehemu ambayo brashi ya rangi ingeifikia. Brashi haifiki kwenye kitako cha koni, wala kwenye kifuniko cha juu cha silinda, kwa kuwa maduara hayo mawili yamebanana.

Tuseme mchoro una namba nne: kipenyo 10, kimo cha silinda 8, kimo cha umbo zima 20, na 13 kando ya mteremko wa koni, zote kwa sentimita. Nusu kipenyo ni 5, na kimo cha koni peke yake ni 20 − 8 = 12.

Ujazo hauna ujanja. Silinda ni π × 5² × 8 = 200π. Koni ni theluthi ya silinda yenye kitako na kimo kama chake, yaani ⅓ × π × 5² × 12 = 100π. Jumla ni 300π, kama sm 942 za ujazo ukitumia 3.14.

Kosa la uso huanzia kwenye kanuni zilizokaririwa. Kanuni ya "eneo lote" la silinda huhesabu vifuniko viwili, na ya koni huhesabu kitako chake. Ukizijumlisha unapata 130π + 90π = 220π. Jibu sahihi ni 170π. Zile 50π za ziada ni maduara mawili ya 25π kila moja, yale yale yaliyobanana. Wapo wanaoshtuka wakapunguza duara moja tu, wakabaki na 195π. Wanasahau kwamba mgusano una pande mbili, kama viganja viwili vilivyokutana. Njia salama ni kuhesabu vinavyoonekana tu: mbavu za silinda, mteremko wa koni, na kitako cha chini. Ule mstari wa duara unaoonekana katikati ya mchoro ni mpaka tu, hauna eneo.

Mbavu ni 2π × 5 × 8 = 80π, na kitako ni 25π. Mteremko ndio unaohitaji utulivu. Chukua karatasi ya karanga, ile iliyosokotwa, ambayo mdomo wake umekatwa sawasawa, uifungue na kuilaza mezani. Unapata kipande cha duara. Ukingo wake uliopinda ndio uliokuwa mdomo, kwa hiyo urefu wake ni 2πr. Umbali kutoka nchani hadi ukingoni ni urefu wa mteremko, tuuite l. Sasa kikate kipande hicho kiwe vipembetatu vyembamba mno vinavyokutana nchani. Kila kimoja kina kimo l, na vitako vyao vikipangwa pamoja vinakamilisha 2πr. Nusu ya 2πr mara l ni πrl. Karatasi imelala kwenye mteremko, haikusimama katikati ya karanga, ndiyo maana kimo cha 12 hakina kazi hapa. Tunatumia 13: π × 5 × 13 = 65π.

Ukiweka 12 kimakosa utapata 60π, na hiyo ndiyo hatari yake: tofauti ni ndogo, jibu linaonekana la kawaida tu.

Picha nayo ina mitego yake. Usiipime kwa rula. Simu ikiinamishwa kidogo, vipimo hupotoka. Fuata mishale ya kila namba uone inaanzia wapi na kuishia wapi. Kisha jaribu kwa Paithagorasi: 5² + 12² = 13², zinakubaliana. Ungedhani 20 ni kimo cha koni, mteremko wa 13 ungekuwa mfupi kuliko kimo, jambo lisilowezekana. Ungedhani 10 ni nusu kipenyo, mteremko ungetoka kama 15.6, si 13. Lakini picha ikiwa imekatwa na namba moja haipo, jaribio hili halipo tena, na inabidi useme umechukulia nini.

Yote haya ni kwa umbo lililojaa, lenye kingo zinazolingana. Nyumba ya msonge, kwa mfano, paa lake hutokeza nje ya ukuta. Ukuta ukiwa na nusu kipenyo 5 na paa 6, chini ya paa inabaki pete inayoonekana. Ukichonga umbo hilo kwa gogo zima, pete hiyo nayo hupakwa rangi: 36π − 25π, yaani 11π.