STI: kipimo cha tangazo linaloeleweka

"Abiria wa Mbeya, lango namba nne." Au amesema nane? Sauti umeisikia, tena imekupigia masikioni hasa, ila neno lenyewe limekupita. Kusikika ni kitu kimoja na kueleweka ni kingine, na huko kueleweka kuna kipimo chake: STI, yaani fahirisi ya upitishaji wa usemi. Kinaanzia 0, ambapo hakuna neno linalofika, na kuishia 1, ambapo usemi umefika kama ulivyotoka kinywani. Kwa matangazo ya dharura kwenye vituo vya usafiri, lengo linalotumika sana ni 0.5.

Kipimo hiki kilibuniwa Uholanzi miaka ya 1970 na Houtgast na Steeneken. Wazo lao ni kwamba usemi ni sauti inayopanda na kushuka, silabi na pengo, silabi na pengo, mara kadhaa kwa sekunde. Mwangwi wa ukumbi unafukia mapengo hayo, na kelele za watu nazo zinafanya hivyohivyo. Mashine ya STI hurusha sauti maalumu kupitia spika za kituo, kisha hupima pale aliposimama abiria mapengo yamebaki na kina gani. Rudi kwenye "namba nne" uone: mkia wa ile "a" ya mwisho unaning'inia hewani hadi unaiangukia "nne", na sikio linaunga "nane". Mtangazaji wala hakukosea.

Tuchukue ukumbi wa kusubiria wa mita 60 kwa 30, dari mita 10 juu, sakafu ya vigae, kuta za vioo. Ujazo wake ni mita za ujazo 18,000. Tuseme mwangwi unachukua sekunde 4 kufifia. Kwa kanuni ya Sabine, inayounganisha ujazo, muda wa mwangwi na ufyonzaji, ukumbi mzima unafyonza sauti kama dirisha lililo wazi la mita za mraba 725 hivi. Abiria aliye mbali na spika, anayepata mwangwi mtupu, ana STI ya takriban 0.3, hata kama ukumbi hauna mtu mwingine.

Mafundi wengi hapa hukimbilia kuongeza sauti. Haisaidii, kwa sababu ukipandisha tangazo kwa desibeli 6 na mwangwi wake unapanda kwa desibeli 6 vilevile. Kuongeza sauti kunatibu kelele tu. Tangazo likishazidi kelele kwa desibeli 15, kelele haina tena la kuharibu. Na sauti ikiwa kubwa mno, sikio lenyewe huanza kuchanganya, kiasi kwamba STI inashuka.

Dawa ya kwanza iko darini. Kupunguza mwangwi hadi sekunde 2 kunahitaji ufyonzaji mara mbili, yaani mita za mraba 725 nyingine. Paneli nzuri ya kufyonza sauti ikiongeza ufyonzaji wa 0.8 kwa kila mita yake ya mraba, unahitaji mita za mraba 900 hivi, ambazo ni nusu ya dari. Hapo mchora ramani hununa. Halafu abiria wetu wa mbali anafika 0.44 tu, bado hajafikia lengo.

Kinachobaki ni kumsogezea spika. Spika nyembamba ndefu za ukutani, au ndogo za kwenye nguzo, zinazoelekeza sauti vichwani mwa watu na siyo kwenye vioo, humpa abiria sauti ya moja kwa moja kabla mwangwi haujamfikia. Ila usizijaze ovyo: kila spika ya ziada humsaidia aliye jirani nayo na kuwaongezea mwangwi wengine wote. Pia zifungwe kwa kupishana kwenye saketi mbili, ili moto ukikata waya mmoja, eneo lisibaki bubu.

Kupima hufanyika usiku, maana sauti ya mashine ingewachosha abiria. Basi usomaji wa usiku wa 0.56 usikufurahishe mapema. Kelele za saa za msongamano hurekodiwa siku yake, kisha huingizwa kwenye hesabu, na namba hiyo ya pili ndiyo ya kuandika kwenye ripoti. Chukua vipimo kwenye urefu wa sikio, mita 1.2 kwa waliokaa na 1.6 kwa waliosimama, hasa kwenye kona na chini ya ngazi.

Na uliza sauti ya majaribio iliingizwa wapi. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya, chumba cha mtangazaji hakikupimwa. Kama kipaza sauti chake kiko karibu na feni, 0.5 yako ni ya matangazo yaliyorekodiwa tu. Siku ya moto, anayesoma kwa mdomo atasikika chini ya hapo. Ndiyo maana huwekwa kispika kidogo mbele ya kipaza sauti, kikae mahali pa mdomo wake, na kipimo kianzie hapo.