Biskuti za Guangzhou: kutambua mafuta ya nguruwe kwenye lebo ya Kichina

Mfanyabiashara wa Lamu akienda Guangzhou kufunga mzigo, hakosi kuwanunulia watoto wa Langoni biskuti za zawadi. Pakiti imeandikwa Kichina kitupu, na swali la kwanza nyumbani litakuwa: ni halali?

Matayarisho huanza ukiwa bado Lamu. Huduma za Google hazifunguki kwa kawaida China bara, kwa hiyo pakua mapema lugha za Kichina kilichorahisishwa na Kiingereza ndani ya programu ya kutafsiri, zitumike bila intaneti. Kisha weka simu bila mtandao uijaribu kwa lebo yoyote ya Kichina.

Dukani, geuza pakiti utafute neno 配料. Hapo ndipo viambato huanza, na sheria ya China inataka vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kitangulie. Vile vidogo, visivyozidi asilimia 2, si lazima vifuate mpangilio huo. Kwa hiyo usiishie kwenye unga na sukari. Soma hadi mwisho.

Usitafsiri kwa kamera inayotembea, maneno yanayobadilika badilika kwenye skrini hayaaminiki. Nyoosha pakiti, kwepa mng'ao wa taa, piga picha iliyotulia, ndipo utafsiri. Karatasi ya plastiki yenye mkunjo ndiyo inayoponza wengi. Mafuta ya nguruwe huandikwa 猪油. Herufi ya kwanza, 猪, ni nguruwe, na 油 ni mafuta. Mng'ao ukifunika upande wa kushoto, simu inaweza kusoma 诸, ambayo upande wake wa kulia ni uleule 者, lakini maana yake ni "mbalimbali". Utasoma "mafuta mbalimbali" na kuridhika. Basi tazama kwa macho yako: kushoto kwa 猪 pana 犭, mkunjo wenye vijistari kama manyoya, kushoto kwa 诸 pana 讠. Afadhali uandike 猪 kwa herufi kubwa kwenye karatasi tangu nyumbani, ulinganishe.

Angalia pia herufi 不, yaani "si". 含猪油 ni "ina mafuta ya nguruwe", na 不含猪油 ni "haina". Ikibaki 不 mwisho wa mstari na 含 ikaanza mstari wa pili, ukapiga picha ya mstari mmoja tu, tafsiri itageuka kinyume. Piga maneno yote pamoja.

Alama ya halali ni 清真. Simu ikitafsiri herufi mojamoja itakupa "safi" na "kweli", usidhani ni sifa za biashara tu.

Kuna neno ambalo hata tafsiri sahihi haikutoshi: 起酥油, mafuta ya kulainishia biskuti, huweza kutoka kwenye mimea au wanyama. Tazama mabano yanayofuata. Ukikuta 植物油, ni ya mimea. Mabano yasipokuwepo, na 清真 haipo, rudisha pakiti rafuni.