Wasifu wa baba aliyetalikiana: watoto watajwe wapi?

Katika kazi yangu ya kuwasaidia watu kuandika wasifu wa programu za kutafutia wachumba, wanaume wanaonipa shida zaidi ni akina baba waliovuka miaka arobaini na kutoka kwenye talaka, kwa sababu wengi wao huandika kana kwamba wanajitetea mbele ya hakimu. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 43, aliniletea maneno haya:

"Mimi ni baba wa watoto wawili ambao ndio maisha yangu yote. Nimeumizwa vya kutosha. Kama hupendi watoto, usinisumbue."

Hakuna uongo hapo, ila mwanamke anayesoma hajui bado mwandishi ni mtu wa namna gani, na tayari ameambiwa kuwa hana nafasi ("maisha yangu yote"), kwamba kuna kidonda kibichi, na kwamba anashukiwa kosa asilolitenda. Nilimuuliza jioni zake huwaje watoto wanapokuwa kwa mama yao, na majibu yake ndiyo yaliyozaa wasifu huu:

"Seremala wa samani. Jioni nikiwa peke yangu husoma riwaya za upelelezi na kujaribu mapishi ambayo mara nyingi huniponyoka. Nina watoto wawili, ninaoishi nao nusu ya kila wiki. Talaka ilikamilika miaka mitatu iliyopita. Natafuta uhusiano wa kudumu, bila haraka. Riwaya gani iliwahi kukukesheza?"

Umri haumo, kwa kuwa programu huuonyesha yenyewe kando ya jina. Watoto wamepewa sentensi moja, katikati: wakifichwa, msomaji atahisi amedanganywa atakapowagundua, na wakitangulizwa, baba hutoweka nyuma yao. "Nusu ya kila wiki" inamjibu swali ambalo angeona haya kuliuliza, yaani kama mtu huyu ana muda. Hata hivyo, siku zenyewe hazitajwi, wala majina, umri, shule au picha za watoto, kwa sababu wapo watu wabaya wanaowatafuta wazazi wasio na wenza ili wawafikie watoto wao.

Neno "ilikamilika" nililipima kwa makini. Aliyetengana na mkewe huku kesi ikiendelea bado ni mume wa mtu kisheria, na anapaswa kuandika "tumetengana, talaka inaendelea", hata kama ujumbe anaotumiwa utapungua. Sababu za kuachana hazina mahali katika wasifu. Lawama kwa mke wa zamani, hata ya nusu sentensi, humfanya msomaji ajiulize yeye atasemwaje siku moja.

Swali la mwisho mteja wangu alitaka kulifuta, akiliona la kitoto. Nilimsihi aliache, kwa kuwa mtu asiyejua aanzie wapi huona afadhali kunyamaza kuliko kuandika "mambo".