Jinsi ya kusoma F kwenye jedwali la ANOVA

Programu ya R huja na data iitwayo PlantGrowth: uzito mkavu wa mimea 30, kumi haikupewa chochote (ctrl), kumi ilipewa tiba ya kwanza (trt1) na kumi ya pili (trt2). Wastani wa makundi hayo ni 5.032, 4.661 na 5.526. Wastani wa mimea yote ni 5.073. Je, makundi yanatofautiana kweli, au ni bahati tu ya mimea iliyoangukia kila kundi?

Chukua mmea wa kwanza wa ctrl, wenye uzito wa 4.17. Uko chini ya wastani wa jumla kwa 0.903. Umbali huo una vipande viwili: kundi lake liko chini kwa 0.041, na wenyewe uko chini ya kundi lake kwa 0.862. Kwa hiyo karibu upungufu wote ni wa mmea wenyewe.

Fanya hivyo kwa mimea yote, zidisha kila kipande kwa chenyewe, kisha jumlisha. Jumla ya miraba yote, 14.258, inagawanyika kamili: 3.766 ni ya tofauti kati ya makundi na 10.492 ni ya ndani ya makundi. Hakuna kinachobaki, kwa sababu ndani ya kila kundi mikengeuko kutoka wastani wake hujumlika kuwa sifuri.

```
            Df Sum Sq Mean Sq F value Pr(>F)
group        2  3.766  1.8832   4.846 0.0159
Residuals   27 10.492  0.3886
```

Usilinganishe 3.766 na 10.492 moja kwa moja. Ya kwanza imetokana na wastani tatu tu, hivyo ina digrii za uhuru 3 kutoa 1, yaani 2. Ya pili ina 30 kutoa 3, yaani 27. Gawanya kila jumla kwa digrii zake upate Mean Sq, kisha 1.8832 kwa 0.3886. Hiyo ndiyo F, 4.846. Kama tiba hazina athari yoyote, F huzunguka karibu na 1, na kufikia 4.846 au zaidi hutokea kwa uwezekano wa 0.0159 tu.

Anza kukagua safu ya Df kabla ya F. Ukiandika makundi kama namba 1, 2, 3, R itakadiria mstari mmoja badala ya kulinganisha makundi, na utaona Df ya 1 pale palipostahili 2.

Wengi huteleza hapa: F kubwa haisemi ni kundi gani linalotofautiana. Jaribio la Tukey, linalolinganisha makundi mawili mawili, kwenye data hii linaonyesha trt2 imeizidi trt1 (p = 0.012), lakini hakuna tiba hata moja iliyojitenga wazi na ctrl. Anayeandika “tiba zimeongeza uzito” kwa kuangalia F peke yake atakuwa amesema jambo ambalo jedwali halijasema.