Sita juu, sita chini: kelele inayomficha mtu mmoja ndani ya takwimu

Tuseme shirika moja lina wafanyakazi 214, na kila mwezi idara yake ya afya inatoa jedwali linaloonyesha ni wangapi wana kisukari. Februari jedwali linasema 37. Machi linasema 36. Hakuna jina lililotajwa, hakuna umri wala cheo, ni namba tupu. Lakini kati ya miezi hiyo miwili ni mtu mmoja tu aliyeacha kazi, na kila aliyehudhuria hafla ya kumuaga anamfahamu. Ukitoa 36 kwenye 37 umeshapata cheti chake cha hospitali.

Naanza na mfano huu kwa sababu watu wengi wanaonijia na data zao huamini kwamba wakishafuta majina na kujumlisha, kazi imekwisha. Haijaisha. Siri ya yule mfanyakazi haikuvuja kutoka kwenye jedwali la Februari wala la Machi, ilivuja kutoka kwenye tofauti yao. Na huwezi kujua leo ni jedwali gani jingine litakalotoka kesho, wala mtu anayelisoma anajua nini tayari. Kinga inayotegemea ujinga wa msomaji haina msingi.

Mbinu iitwayo faragha tofautishi inachukua njia nyingine. Kabla ya kutangaza 37, tunaiongezea namba ya kubahatisha, ndogo, inayoweza kuwa chanya au hasi. Katika fani tunaiita kelele, na jina hilo linaifaa: ukisimama nje ya ukumbi uliojaa watu unasikia vizuri kwamba mjadala ni mkali, ila huwezi kusema nani katamka neno gani. Ugumu hauko katika kuongeza kelele, uko katika kuipima.

Tunaipimaje? Swali la kwanza ni hili: mtu mmoja akiingia au akitoka kwenye data, jibu linaweza kubadilika kwa kiasi gani, hata kikiwa kikubwa kabisa? Kwa hesabu ya vichwa, jibu ni 1. Kiasi hicho huitwa usikivu wa swali. Swali la pili ni la uamuzi, si la hesabu: tuko tayari kuruhusu uvujaji kiasi gani? Tunauandika kwa herufi ya Kigiriki epsiloni, ε. Ikiwa ndogo, siri ni nzito na kelele ni kubwa. Kelele yenyewe tunaichota kwenye mtawanyo wa Laplace, ambao hutoa mara nyingi namba zilizo karibu na sifuri na mara chache zilizo mbali, na upana wake ni usikivu ugawanywe kwa ε. Kanuni hii ilitolewa na Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith mwaka 2006.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng()
eps = 0.5
jibu = 37 + rng.laplace(0, 1/eps)
```

Kwa ε ya 0.5 upana ni 2. Mara 95 kati ya 100 kelele haitavuka 6, juu au chini. Basi Februari jedwali linaweza kusema 35, na Machi likasema 38, ingawa mtu ameondoka. Anayetaka kutoa moja kwenye jingine hapati kitu cha kushika.

Hebu tuangalie ahadi tuliyompa yule mfanyakazi, kwa sababu hapo ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Jibu lolote litakalotoka, uwezekano wake wa kutoka yeye akiwa amehesabiwa hauzidi mara e^ε ya uwezekano wa kutoka asipohesabiwa, na kinyume chake pia. Kwa ε ya 0.5, e^ε ni takriban 1.65. Chukua mtu mwenye hila ambaye tayari anajua hali ya kila mmoja wa wale wengine 213, na kuhusu huyu mmoja yuko nusu kwa nusu. Baada ya kusoma jibu letu, uhakika wake hauwezi kupanda kutoka asilimia 50 hadi kupita 62 hivi. Ahadi hii haijali ana kompyuta gani au kapata wapi taarifa za ziada. Ndiyo maana naipenda: haimtaki msomaji awe mjinga.

Angalia pia kwamba ile 6 haikutokana na ukubwa wa shirika. Lau wagonjwa wangekuwa 3,700, kelele ingebaki ileile, na makosa yangekuwa chini ya asilimia 0.2. Wakiwa 4, kelele inawameza. Na ni sawa iwameze, maana takwimu kuhusu watu wanne haiko mbali na taarifa za watu wanne mmoja mmoja.

Sasa kinachoharibika. Mwaka 2003 Irit Dinur na Kobbi Nissim walionyesha kwamba ukijibu maswali mengi mno kwa kelele ndogo mno, mtu anaweza kuijenga upya karibu data yote. Toleo jepesi la jambo hilo unaweza kulijaribu mwenyewe. Uliza swali letu la wagonjwa mara 100, kila mara kelele ichotwe upya, kisha tafuta wastani. Kelele chanya na hasi zinafutana. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika, ambao kwa jibu moja ni karibu 2.8, unashuka hadi 0.28, na ukikadiria kwa namba nzima utapata 37 zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Siri imerudi mezani.

Wengi hufikiri dawa ni kuhifadhi jibu la kwanza na kulirudia. Inasaidia, lakini mwulizaji atauliza wanawake wangapi na wanaume wangapi, kisha ajumlishe. Kesho atauliza walio chini ya miaka 40 na walio juu yake. Kila swali ni jipya, jumla ni ileile. Dawa halisi ni bajeti. Epsiloni zinajumlishwa: maswali 100 ya 0.5 kila moja ni ε ya 50 kwa jumla, na hapo ahadi yetu haina maana yoyote. Unaamua jumla kwanza, unaigawa, na ikiisha unafunga mlango. Ukitaka maswali 20 ndani ya ε ya 0.5, kila moja linapata 0.025, upana wa kelele unakuwa 40, na ile sita juu sita chini inakuwa 120 juu 120 chini. Kwa wagonjwa 37 hilo si jibu.

Hapa ndipo mazungumzo na wateja huwa magumu, na sioni namna ya kuyalainisha. Lile jedwali la kila mwezi, likitoka mara 12 kwa ε ya 0.5, linamgharimu mfanyakazi aliyekuwepo mwaka mzima ε ya 6, na e^6 ni kama 403. Kwa hiyo ni ama kutoa jedwali mara mbili kwa mwaka, ama kukubali kelele kubwa zaidi. Nafuu moja ipo: makundi yasiyoingiliana hayajumlishwi. Ukihesabu wagonjwa idara kwa idara, na kila mtu yuko idara moja tu, idara zote zinatumia ε ileile kwa pamoja, kwa sababu mtu mmoja anagusa hesabu moja.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote liko kwenye usikivu. Niliwahi kupewa mfumo niukague, uliokuwa ukitangaza idadi ya ziara kwenye zahanati. Kelele ilikuwa ya Laplace, ε 0.5, upana 2, kila kitu kimeandikwa kwa unadhifu. Lakini ziara si watu. Kwenye data kulikuwa na mgonjwa mmoja mwenye ziara 40. Akiondolewa, jibu linaanguka kwa 40, na kelele ya upana wa 2 haiwezi kulifunika pengo hilo hata kidogo: uwezekano wa kelele kuvuka 20, nusu tu ya pengo, juu au chini, ni karibu 5 kati ya 100,000. Aliyekuwa mgonjwa zaidi ya wote ndiye aliyekuwa wazi zaidi ya wote, na jambo hilo liliniuma.

Tulirekebisha kwa kuweka kikomo. Kila mtu anahesabiwa ziara zisizozidi 5, zinazobaki zinaachwa. Usikivu sasa ni 5, upana wa kelele ni 10. Jumla inapungua kidogo kwa sababu ziara za wagonjwa wa mara kwa mara zimekatwa, na upungufu huo lazima uandikwe wazi chini ya jedwali. Kikomo chenyewe usikichague kwa kuchungulia data hiyohiyo, kwa mfano kwa kuchukua ziara za juu kabisa, maana namba hiyo nayo inamtaja mtu. Kichukue kwenye unachokijua kuhusu huduma, au ulipie uchunguzi huo kutoka kwenye bajeti.

Kosa kama hili halionekani kwa kusoma matokeo, kwa kuwa jibu lenye kelele pungufu hufanana kabisa na jibu lenye kelele sahihi. Ninachofanya ni kutengeneza data mbili za majaribio zinazotofautiana kwa mtu mmoja, yule mbaya kuliko wote ninayeweza kumbuni, mwenye ziara 40 au 400. Naendesha mfumo mara laki moja kwa kila data, nachora grafu mbili za majibu na kuziweka moja juu ya nyingine. Kila mahali penye majibu ya kutosha, urefu wa nguzo moja ukigawanywa kwa urefu wa nyingine usizidi 1.65 kwa kiasi kisichoelezeka kwa bahati. Kwenye ule mfumo wa ziara grafu hazikukaribiana hata kugusana. Zilikuwa vilima viwili na bonde tupu katikati.

Jaribio hilo linakamata mengi ila si yote. Ule msimbo wa mistari minne niliouweka juu, kwa mfano, ungelipita, na bado sitautumia kwa data za watu halisi. Mwaka 2012 Ilya Mironov alionyesha kwamba kompyuta inavyohifadhi namba za desimali, baadhi ya majibu yanaweza kutoka ikiwa hesabu halisi ni 37 na hayawezi kutoka kabisa ikiwa ni 36. Tarakimu za mwishoni kabisa, ambazo hakuna anayezisoma, zinataja jibu la kweli. Kwa hesabu za vichwa mimi huchota kelele ya namba nzima, kutoka mtawanyo wa Laplace wa namba nzima, kwa maktaba iliyoandikwa na watu wanaoijua hatari hiyo.